Barua ya Ukurasa Mmoja

Kila masika yanapoanza, mvua inapokuja usiku ikitokea upande wa milima ya Livingstone na kupiga bati la nyumba yangu hapa Itungi, huwa siwezi kulala mara moja. Huwaza kuta. Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini nimekuwa msanifu wa majengo, na nimechora shule, zahanati na nyumba za watu ambazo sizikumbuki tena. Lakini jengo moja ambalo sikulichora mimi, na ambalo nililitazama kwa saa mbili tu, ndilo linaloniamsha. Ningependa kulieleza jambo hilo kama lilivyokuwa, kwa kuwa wengi wetu tulio na ujuzi wa aina fulani huombwa ushauri na watu tunaowapenda, tukautoa kwa moyo mweupe, tusijue tumeahidi nini.

Ilikuwa Januari 2013. Nilikuwa na ofisi ndogo Mbeya, na nilikuja nyumbani kuvuna kakao. Mwalimu wangu wa shule ya msingi, mzee aliyenifundisha kushika kalamu, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kutunza nyumba moja ya zamani katika kijiji cha ufukweni, si mbali na hapa. Kijiji hicho sitakitaja, wala kamati yenyewe. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa wakati wa Wajerumani, yenye baraza pana linalotazama ziwa.

Nyumba hiyo ilikuwa imetangazwa kuwa jengo la kuhifadhiwa. Hapa msomaji aelewe jambo moja. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba za Wajerumani zote ni changa kuliko mwaka huo, kwa hiyo hazilindwi kwa umri wake tu. Kila moja huhitaji kutangazwa na Serikali. Ikishatangazwa, hata mwenye nyumba hawezi kuibadilisha apendavyo bila kibali.

Mwalimu alinipeleka akanionyesha. Rangi ilikuwa ikibanduka upande wa baraza, kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti. Ukuta ulikuwa na unyevu na unga mweupe wa chumvi. Sikushangaa. Huku kwetu ukichimba shimo wakati wa masika hufiki mbali kabla ya kukuta maji.

"Mwanangu," akasema, "tuambie tu kama itasimama. Tumechanga fedha kidogo, tunataka kuipendezesha."

Niliugonga ukuta kwa kiganja, nikazunguka nje, nikanywa chai. Jioni niliandika barua ya ukurasa mmoja kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi yangu, maana ndiyo niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Maneno yaliyokuja kunigharimu yalikuwa machache: "Kuta ni imara. Toeni plasta iliyooza, pigeni plasta mpya ya saruji." Asubuhi yake kijana aliniletea gunia la mchele. Nililipokea kwa mikono miwili.

Kosa la barua ile halikuwa dogo. Matofali yale yalikuwa yamejengwa kwa udongo, na juu yake plasta ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia ngozi yake, kwa kuwa chokaa hupumua. Ukiuvisha saruji, umemvalisha mtu anayetoka jasho koti la plastiki. Maji hayakomi kuingia, bali yanakosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi kuliko zamani, na udongo ulio kati ya matofali hulainika polepole hadi unakuwa uji. Kwa nje ukuta ni mzuri kuliko ulivyokuwa. Ukitaka kujua, gonga kwa kifundo cha kidole usikie kama plasta inalia utupu, na tazama pale saruji inapokomea juu kama kuna mstari mpya wa chumvi. Mimi nilikuwa nimesoma haya, lakini siku ile nilikuwa mwana aliyerudi nyumbani, wala sikuwa msanifu. Tena sikufungua hata tofali moja kuona kilichomo, na nikaandika "imara."

Oktoba 2015 nilipata barua kutoka kwa Mwalimu. Alisema ukuta wa baraza umefanya tumbo, na kuna ufa umelala usawa wa dirisha. Aliniomba nije nitazame. Nilimjibu kwa upole kwamba nitakuja baada ya sikukuu. Barua yake niliitia kwenye faili, na faili nikaliweka kabatini. Kazi zilikuwa nyingi.

Wakati huo nilikuwa na bima. Wengi hawajui kwamba msanifu hukata bima ya makosa yake mwenyewe, iitwayo bima ya dhima ya kitaaluma. Kama mteja akidai kwamba ushauri wako wa kizembe umemtia hasara, kampuni ya bima hukusaidia kujitetea, na ukionekana una deni hulipa, isipokuwa sehemu ya kwanza ambayo wewe mwenyewe umekubali kuibeba. Sehemu yangu ilikuwa shilingi milioni 4 kwa kila dai. Bima ile ilikuwa inakwisha tarehe 31 Desemba 2015, na rafiki yangu alinionyesha kampuni nyingine ambayo ada yake ilikuwa pungufu kwa shilingi 450,000 kwa mwaka. Nikahamia huko Januari. Katika fomu yao kulikuwa na swali: je, unafahamu jambo lolote linaloweza kuleta dai dhidi yako? Niliandika "Hapana," nikatia sahihi. Naapa sikukusudia kudanganya. Sikuifikiria kabisa barua iliyokuwa kabatini.

Usiku mmoja wa Aprili 2016, baada ya mvua ya siku tatu, ukuta wa baraza ulianguka, kama mita 6 hivi. Ulianguka saa nane za usiku na hapakuwa na mtu. Mchana watoto wa shule hukaa pale kujikinga jua.

Mwezi wa Juni dai lilinifikia. Lilikuwa la shilingi milioni 38, nalo lilikuwa na sahihi ya Mwalimu wangu. Nilipoona tarakimu hiyo nilidhani wamekosea. Ukuta wa mita 6 na kipande cha paa, kwa matofali ya saruji ya siku hizi, fundi angeujenga kwa milioni 9. Ila nyumba ya kuhifadhiwa haijengwi hivyo. Idara ya mambo ya kale iliwataka waurudishe ukuta kwa vitu vilevile: matofali ya kuchoma ya kipimo cha zamani, ambayo ilibidi yafyatuliwe na kuchomwa makusudi, na plasta ya chokaa iliyolowekwa vya kutosha. Hiyo ilikuwa milioni 26. Kubandua saruji yote kwenye kuta zilizobaki bila kuyavunja matofali ilikuwa milioni 7, na kuegemeza paa pamoja na mtaalamu wa kusimamia ilikuwa milioni 5. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba anayetoa ushauri juu ya jengo la kuhifadhiwa hapimwi kwa bei ya ukuta, bali hupimwa kwa bei ya kuurudisha ukuta uleule.

Nilikwenda kwa wakili nikiwa na utetezi wangu. Nilimwambia kwamba sikulipwa chochote.

"Na mchele?" akauliza.

"Ule ulikuwa zawadi, Bwana Wakili."

"Mlipatana kabla ya kwenda, au ulikuja tu baadaye?"

Swali lile lilinichekesha, lakini halikuwa la mzaha. Sheria yetu ya mikataba haiuangalii ukubwa wa malipo. Gunia la mchele, kama mlipatana juu yake, latosha kufanya mkataba, na dai la mkataba linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Kama lilikuwa shukrani tu, labda mkataba haupo, lakini linabaki dai la uzembe, ambalo muda wake ni miaka 3. Tena hiyo miaka 3, kwa madhara ya namna hii, huanza kuhesabiwa siku madhara yanapotokea, wala si siku ulipoandika barua. Kwa njia yoyote, nilikuwa ndani ya wakati.

Akanieleza pia kwamba kutoa ushauri bure si kinga. Katika kesi ya Hedley Byrne iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1963, benki ilikuwa imetoa maelezo bila malipo juu ya hali ya kampuni fulani, na aliyeyaamini akapata hasara. Majaji walisema kwamba mwenye ujuzi anayetoa maneno akijua yatategemewa anaweza kuwajibika, hata kama hakulipwa. Ila benki yenyewe iliponea, kwa sababu ilikuwa imeandika wazi kwamba inatoa maelezo yale bila kuchukua dhamana. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu za huko za baadaye, ila huzisikiliza. Na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani kule London iliamua vivyo hivyo juu ya msanifu mmoja aliyewasaidia marafiki zake kazi ya bustani bila malipo. Alikuwa na wajibu wa kufanya kwa uangalifu yale aliyochagua kuyafanya. Kesi ilipofika kwenye ushahidi mwaka 2018 alionekana hakukosea, lakini alikuwa amekwisha pita katika miaka ya mahakama, na urafiki ulikuwa umekwisha.

"Basi," nikasema, "bima yangu italipa."

Wakili aliomba bima zote mbili, akazisoma mbele yangu, kisha akavua miwani.

Bima ya gari huuliza ajali ilitokea lini. Bima yetu haiulizi hivyo. Haijali ukuta ulianguka lini. Huuliza dai lilibisha hodi lini, na siku hiyo ulikuwa na bima ya nani. Dai langu lilibisha hodi Juni 2016. Kampuni ya kwanza ikajibu kwamba bima yao ilikwisha Desemba, na kabla haijaisha sikuwaarifu lolote. Kampuni ya pili ikajibu kwamba nilijua habari za ufa tangu Oktoba, kabla sijaingia kwao, na kwenye fomu yao niliandika "Hapana." Nilizisoma barua zote mbili mara nyingi nikitafuta uonevu. Sikuuona. Zote zilisema kweli. Nilikuwa nimelipa ada kila mwaka bila kukosa, na bado nilikuwa nimeanguka katikati ya viti viwili.

Mlango ulikuwepo, nami niliupita bila kuuona. Bima hizi kwa kawaida zina kifungu kinachosema kwamba ukipata habari ya jambo linaloweza kuleta dai, hata kama hakuna aliyekudai bado, uwaarifu mara moja kwa maandishi. Ukiwaarifu bima ikiwa hai, dai litakapokuja, hata mwaka mwingine, litahesabiwa kana kwamba lilikuja siku uliyotoa taarifa. Ile barua ya Oktoba yenye tumbo na ufa ilikuwa ndiyo jambo lenyewe. Ningeweka nakala yake kwenye bahasha na kuipeleka, kazi ya nusu saa, kampuni ya kwanza ingelibeba dai. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hata sikuficha. Niliyaweka kabatini tu, na kifo hakikutaka kujua tofauti.

Sikumaliza hapo. Kabla sijamwona wakili nilikuwa nimefanya kosa jingine, ambalo hata leo sijui kama nalijutia. Siku niliyopata dai nilipanda gari hadi Kyela, nikashika pikipiki hadi kwa Mwalimu. Nilimkuta kwenye mkeka chini ya mwembe. Nilimsalimu kwa adabu zote tunazowasalimu wazee huku kwetu, nikamwambia, "Mwalimu, kosa ni langu. Nitalipa."

Wakili alishika kichwa. Karibu kila bima ya aina hii hukataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, kwa sababu fedha unazoziahidi ni zao. Kama ningekuwa na bima inayofanya kazi, kwa maneno yale matano ningejipotezea haki. Ndugu msomaji, tafakari ugumu wake. Mila yetu inataka aliyekosa aende mwenyewe, mapema, aseme. Bima inataka anyamaze. Baadaye nilijifunza kwamba njia ya katikati ipo, nayo ni nyembamba. Unaweza kwenda. Unaweza kusema pole, na kuuliza nani ameumia, na kuwasihi wakae mbali na ukuta ili usije ukaanguka tena. Unaweza kusema, "Nimewaarifu wanaohusika, nitakuletea jibu." Usichoweza kusema ni nani mwenye kosa na nani atalipa.

Tulisuluhishana nje ya mahakama. Kamati nayo ilikuwa na lake, maana ilipiga saruji bila kuomba kibali, ingawa barua yangu haikuwakumbusha. Tulikubaliana milioni 20. Niliuza kiwanja changu cha Uyole, na kilichobaki nikalipa kwa miaka mitatu. Kama ningetoa taarifa ile Oktoba, ningelipa zile milioni 4 za sehemu yangu na bima ingelipa 16. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi: milioni 16 kwa kuokoa 450,000 na kwa kutopeleka bahasha moja.

Tangu hapo siandiki "imara." Niliombwa tena ushauri mara kadhaa juu ya majengo ya zamani, na barua zangu zimekuwa ndefu na zisizopendeza. Huanza kwa kusema nilikwenda lini na nilitazama kwa muda gani. Huandika: "Nilitazama kwa macho kutoka chini. Sikupanda darini. Sikufungua ukuta kuona vichwa vya boriti vinavyoingia ndani yake, wala sikuchimba msingi. Juu ya sehemu hizo siwezi kusema kwamba hazina kasoro." Kisha husema ni wapi pafunguliwe, na ni nani aitwe kuangalia. Kisha huandika kwamba mtu asiguse kitu kabla ya kibali, nikijua kwamba kibali kikitoka hakinitoi mimi katika wajibu wangu, na kwamba faini ya kukosa kibali hailipwi na bima. Maneno haya hayamkingi mtu aliyefumba macho. Ufa uliokuwa mbele yangu nisiuone, hakuna sentensi itakayoufunika. Yanachofanya ni kuweka mpaka kati ya niliyoyaona na niliyoyadhani, ili anayeisoma barua asije akalala chini ya dhana yangu.

Tarehe 25 Desemba 2020 redio ilitangaza kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib imeanguka Unguja. Jumba lile la Sultani Barghash la mwaka 1883 lilikuwa katikati ya matengenezo, na mafundi wawili walikufa. Sisemi nani alikosea, sikuwepo. Lakini nilizima redio nikatoka nje. Niliwaza kwamba jengo la zamani huwa katika hatari kubwa hasa siku zile tunapolitengeneza, maana ndipo tunapoondoa kitu kilichokuwa kimeshikilia bila sisi kujua. Na niliwakumbuka watoto wa baraza.

Ofisi nimeifunga, lakini bima sijaiacha. Watu hunishangaa, mzee anayevua samaki na kuanika kakao, analipia bima ya kazi gani? Ni ile ile: barua nilizoandika bado ziko kwenye makabati ya watu, na dai huja kwa siku yake, si kwa siku yangu. Nimeamua kuilipia miaka 6 tangu siku niliyofunga, sawa na muda wa mkataba, nikijua kwamba madhara yakichelewa zaidi ya hapo nitakuwa peke yangu.

Mwalimu alifariki miaka michache baada ya suluhu yetu. Mara ya mwisho nilipomtembelea tulikwenda pamoja kuutazama ukuta mpya. Fundi alikuwa amemaliza chokaa, nayo ilikuwa nyeupe ya maziwa. Mwalimu aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanigeukia.

"Sasa," akasema, "nawe gonga."

Niligonga. Ulilia mzito. Akaniuliza kama ni imara, nami nikamwambia kwamba upande huu wa nje, kutoka chini hadi mkono wangu ulipofika, sioni kasoro. Alicheka sana, akanishika bega, tukarudi nyumbani polepole kabla mvua haijafika.